Karoseli ya michango ya msiba: mwongozo kamili kwa kamati ya ukoo

Mwongozo huu unahusu kamati ya mazishi ambayo marehemu wake amefia Dar es Salaam na anapaswa kuzikwa kijijini, mbali, ndani ya siku tano au sita. Ninaandika nikiwa nimeshika daftari la fedha katika misiba kadhaa ya ukoo wetu. Kazi niliyoiona ikifanywa vibaya mara nyingi zaidi ni ile inayoonekana ndogo kuliko zote, yaani kutengeneza zile picha za kuomba mchango zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Ninaziita karoseli, kwa maana ya picha tano au sita zenye maandishi zinazotumwa pamoja, ambazo msomaji anazipitisha kwa kidole moja baada ya nyingine. Kila picha nitaiita slaidi.

Niseme mapema kwamba utaratibu huu haufai kila msiba. Kwa Waislamu, ambako maiti huzikwa siku ileile au kesho yake, hakuna muda wa kutengeneza slaidi, na ubani hupokewa mkono kwa mkono pale msibani. Slaidi zinaweza kufaa baadaye, familia inapojiandaa kwa hitima. Harusi nayo ina miezi ya vikao na kadi za michango, kwa hiyo makosa yake husahihishika. Msiba wa kusafirisha hauna nafasi hiyo, na ndiyo maana nimeuchagua.

Mfano nitakaoufuata ni wa mama mkubwa aliyefariki Jumatatu asubuhi Dar es Salaam, ambaye maziko yake yamepangwa kufanyika Jumamosi kijijini mkoani Njombe, safari ya takriban kilomita 700 kwa njia ya Morogoro, Iringa na Makambako. Kiasi cha fedha nitakachotaja ni cha mfano, kwa kuwa bei hutofautiana kwa msimu na kwa mtoa huduma, ila hesabu yenyewe ndiyo ile tunayoifanya kila mara.

Hesabu kwanza, picha baadaye

Kosa la kwanza huanza pale kijana mwenye ujuzi wa Canva anapoombwa atengeneze tangazo kabla kikao cha kwanza hakijamaliza hesabu. Tangazo linatoka zuri, lenye picha ya marehemu na maua, likisema familia inaomba michango, lakini halisemi ni kiasi gani, cha nini wala mpaka lini. Siku ya pili kamati inatoa tangazo jingine lenye kiasi, siku ya tatu jingine lenye kiasi tofauti, na ndugu aliyeko Mwanza anabaki na matangazo matatu asijue afuate lipi. Kwa hiyo slaidi zisianze kutengenezwa kabla mwenyekiti, katibu na mweka hazina hawajaweka saini zao chini ya karatasi moja ya hesabu.

Katika mfano wetu, kikao cha Jumanne jioni kilipata bajeti ya TSh 6,800,000. Jeneza na kuandaa mwili ni 650,000, mochwari 120,000, gari la kubeba mwili kwenda na kurudi 1,400,000, na Kosta ya waombolezaji 1,900,000. Turubai na viti vya msibani Dar es Salaam ni 300,000, na chakula cha hapo kwa siku zote ni 600,000. Kule Njombe, chakula cha siku ya maziko ni 900,000, na kaburi, kwa maana ya saruji, tofali, kokoto na mafundi, ni 530,000. Dharura imewekewa 400,000. Ninasisitiza dharura iandikwe wazi kwa jina lake, kwa sababu kamati zinazoificha ndani ya chakula au usafiri huonekana zimeongeza bei pale ndugu mmoja anapopiga simu kwa mwenye gari na kuambiwa bei halisi.

Kisha toa kile ambacho tayari kipo mkononi. Kikundi cha VICOBA cha marehemu kilitoa 1,000,000 kulingana na katiba yake, mwajiri wa mtoto wake wa kwanza akatoa mkono wa pole wa 500,000, na daftari la rambirambi la siku mbili lilikuwa na 700,000. Jumla ni 2,200,000, na upungufu ni 4,600,000. Huo upungufu ndio ndugu wanaombwa. Kamati nyingi huandika bajeti yote kisha zikanyamaza kuhusu kilichopo, zikihofia kwamba watu watalegea wakijua kuna fedha. Nimeona kinyume chake: ndugu akisikia baadaye kwamba kikundi kilitoa milioni na haikutajwa, huacha kuamini kila tarakimu iliyobaki.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni kuupanga upungufu kwa tarehe ambayo fedha itahitajika. Mwili hautatolewa mochwari kabla ya malipo, mwenye gari na mwenye Kosta wanataka fedha yao kabla ya kuondoka Alhamisi usiku, na muuza jeneza hakopeshi. Ukijumlisha jeneza, mochwari, magari mawili, turubai na chakula cha Dar es Salaam, unapata 4,970,000 ambazo lazima zipatikane kabla ya safari. Ukitoa 2,200,000 zilizopo, kamati inahitaji 2,770,000 ifikapo Alhamisi mchana. Zinazobaki, 1,830,000, ni za chakula cha kijijini, kaburi na dharura, na zinaweza kusubiri hadi Ijumaa jioni. Hapo ndipo tarehe za mwisho zinapopata maana, kwa sababu kila moja imefungwa kwenye malipo fulani na si kwenye matakwa ya kamati.

Kugawa viwango

Upungufu ukishajulikana, kamati inaorodhesha watu kwa daraja la undugu, na kazi hii isifanywe na vijana peke yao. Mzee wa ukoo au baba mdogo anayezijua nyumba zote akae hapo, maana yeye ndiye anayejua nani amesimamishwa kazi mwezi uliopita na nani ana mgonjwa ndani. Katika mfano wetu, watoto watano wa marehemu walipangiwa 300,000 kila mmoja, jumla 1,500,000. Wadogo zake wanne wa tumbo moja walipangiwa 200,000 kila mmoja, jumla 800,000. Watoto wa ndugu, ambao ni 28 wenye kipato, walipangiwa 50,000 kila mmoja, jumla 1,400,000, na wajukuu 15 wanaofanya kazi 20,000 kila mmoja, jumla 300,000. Hiyo ni 4,000,000. Zilizobaki, 600,000, ziliachwa kwa hiari ya majirani, marafiki na yeyote mwenye kuguswa.

Wakwe hawakuwekewa kiwango, wala wasiwekewe. Wao huja na mkono wao kama ujumbe wa upande wao, na kuwaandikia kiasi kwenye slaidi ni kuwavunjia heshima kwa jambo ambalo tayari wamejipangia.

Angalia pia kama hesabu inastahimili wachelewaji. Watoto na wadogo wa marehemu tuliwapa mwisho wa Jumatano usiku, na watoto wa ndugu Alhamisi mchana. Madaraja hayo yakilipa yote yanaleta 3,700,000, wakati kinachohitajika Alhamisi ni 2,770,000, kwa hiyo kuna nafasi ya 930,000. Hata wakichelewa wengi kati ya wale 28, gari bado litaondoka. Kama hesabu yako inahitaji kila mtu alipe kwa wakati ndipo mwili utoke, punguza bajeti sasa hivi, kwa mfano kwa kuacha Kosta na kuwapa waombolezaji tiketi za basi la kawaida, kuliko kuja kuipunguza ukiwa mlangoni pa mochwari.

Slaidi tano, na kila moja isimame peke yake

Sheria ninayoishika kuliko zote ni kwamba kila slaidi ijitegemee. Wewe unazituma tano pamoja, lakini binamu atachukua ile ya malipo peke yake na kuipeleka kwenye kundi la wanafunzi wenzake, shangazi ataweka ile ya kwanza tu kwenye status yake, na wapo watakaofikiwa na slaidi ya bajeti bila kujua msiba ni wa nani. Kwa hiyo sehemu ya juu ya kila slaidi iwe na mstari mmoja usiobadilika wenye jina kamili la marehemu, mahali na tarehe ya maziko pamoja na mwaka, na pembeni namba ya slaidi, kama 3/5. Namba hiyo inasaidia pia pale ambapo picha zinafunguka kwa mpangilio tofauti kwenye simu ya mpokeaji kwa sababu ya mtandao.

Mwaka hauandikwi kwa ajili ya urembo. Katika ukoo wetu slaidi ya malipo ya msiba mmoja iliibuka tena miezi mingi baadaye, tulipofiwa na ndugu mwingine, na shangazi yetu mmoja akatuma fedha kwenye laini ya mweka hazina wa zamani. Slaidi ile ilikuwa na maneno "Msiba wetu" na namba ya simu, basi. Fedha ilirudishwa, lakini tulipoteza siku nzima ya kuitafuta katikati ya majonzi.

Slaidi ya kwanza ni taarifa: jina la marehemu, msiba uko wapi, mwili utaagwa lini na wapi, safari ni lini, na maziko ni lini. Picha ya marehemu ikae hapa peke yake, isirudiwe kwenye slaidi za fedha. Maombi ya mchango yatajwe kwa sentensi moja tu chini, kwamba utaratibu uko kwenye slaidi zinazofuata, kwa sababu wapo watakaopata habari ya kifo kupitia picha hiyo, na si heshima wakutane na namba ya M-Pesa kabla hawajamaliza kusoma jina.

Slaidi ya pili ni bajeti, na hapa zuia tamaa ya kuandika kila kitu. Karatasi ya mweka hazina inaweza kuwa na mistari arobaini, pamoja na kuni, chumvi na vikombe, lakini slaidi isizidi mistari minane au tisa kama ile niliyoitaja juu. Chini yake weka mistari mitatu kwa herufi kubwa zaidi: Bajeti 6,800,000, Tulichonacho 2,200,000 na vyanzo vyake, Upungufu 4,600,000. Anayetaka mchanganuo wote auombe kwa katibu, naye atumiwe picha ya karatasi yenye saini.

Slaidi ya tatu ni viwango na tarehe za mwisho. Kila daraja liwe na mstari wake wenye kiasi, siku, tarehe na saa, na chini yake sababu kwa maneno machache, kwa mfano, "Alhamisi, kabla ya kulipia magari na kutoa mwili mochwari". Saa iandikwe kwa namna mbili. Tunaposema saa 12, mmoja anaelewa jioni, na mwingine anayesoma saa ya simu yake anaelewa mchana, na tofauti hiyo ni ya saa sita nzima. Andika "saa 12 jioni (18:00)" na "saa 6 mchana (12:00)", na kwa ndugu walioko Maskati, London au Minneapolis ongeza kwamba ni saa za Tanzania.

Lugha ya slaidi hii ipimwe neno kwa neno. Tuliandika hivi: "Tunawaomba watoto wa ndugu, kila mmoja kwa nafasi yake, achangie TSh 50,000. Ambaye hali yake haimruhusu kufikia kiasi hiki alete alichojaliwa, na amweleze katibu faragha ili tupange hesabu sawasawa." Sentensi hiyo ya pili haikupunguza michango. Ilichofanya ni kuwafanya watu wawili waliokuwa wanakwepa simu zetu wapige wenyewe na kusema wana 30,000, na kwa mweka hazina, 30,000 inayojulikana Jumatano ina faida kuliko 50,000 isiyojulikana itakuja lini.

Slaidi ya malipo

Hii ndiyo slaidi ya nne, na ndiyo inayobeba hatari yote. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli usemao "ile pesa tuma kwenye namba hii". Slaidi ya msiba ni mahali pazuri kwa tapeli, kwa sababu watu wana haraka, wana huzuni, na wanaona aibu kuuliza maswali. Mtu anaweza kuichukua picha yako, akabadilisha tarakimu za simu, na kuirusha upya.

Kinga ya kwanza ni jina. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mtumaji huonyeshwa jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Basi andika kwenye slaidi jina lile lile, herufi kwa herufi, kama linavyotokea kwenye simu ya mtumaji. Usiandike jina ambalo ukoo unamwita mweka hazina. Ukoo mzima unaweza kumfahamu kama Baba Neema huku laini ikiwa na majina matatu ambayo binamu zake hawajawahi kuyasikia, na mtumaji makini atasita na kuacha. Kabla ya kutoa slaidi, mwambie mtu wa mtandao mwingine atume shilingi elfu moja, apige picha ya skrini, na jina linakiliwe kutoka hapo.

Kinga ya pili ni mtu wa kuuliza ambaye si mpokeaji wa fedha. Weka namba ya katibu kwa ajili ya uhakiki, ili anayetilia shaka asimpigie yule yule anayemtilia shaka. Kinga ya tatu ni kutobadilisha namba katikati ya safari. Laini ikipata tatizo, usitume ujumbe mfupi wa "tumieni hii sasa"; toa slaidi ya nne mpya yenye maneno "Toleo la 2", tarehe na saa, na mwenyekiti mwenyewe aeleze kwa sauti kwenye kundi kwamba namba imebadilika na kwa nini.

Njia za malipo ziwe mbili, au tatu kwa wingi. Sisi huweka laini moja ya M-Pesa na akaunti moja ya benki kwa wanaotuma kiasi kikubwa. Kila njia ya ziada ni daftari jingine la kujumlisha usiku, na ndiko michango inakopotelea. Laini itumike kwa kazi hiyo peke yake, salio lake la kuanzia lipigwe picha mbele ya katibu, na anayeshika simu asiwe ndiye anayeshika daftari. Vikundi vya ukoo vinavyochangishana mwaka mzima vinaweza kutumia M-Koba ya Vodacom, ambako wanachama wanaona miamala ya kikundi, lakini kuanza kuisajili Jumanne ya msiba ni kuchelewa.

Suala la gharama lisemwe wazi, kwa sababu ugomvi mdogo mdogo hutoka hapo. Amua kama kiwango ni pamoja na ya kutolea au bila ya kutolea, na uandike. Kamati inayolipa watoa huduma moja kwa moja kutoka kwenye simu, mwenye gari kwa namba yake na muuza jeneza kwa Lipa Namba yake, hutoa fedha taslimu kidogo tu, na haina sababu ya kumdai kila mtu ya kutolea. Ndugu walioko nje waombwe kutuma kwa huduma zinazofikisha fedha kwenye simu, na waandike majina ya mpokeaji kama yalivyo kwenye slaidi. Uhamisho wa kibenki kutoka nje unaweza kuchukua siku kadhaa na kufika tukiwa tumeshazika.

Jambo la mwisho kuhusu slaidi hii ni kwamba maandishi yaliyo ndani ya picha hayanakiliki kwa urahisi kwenye simu nyingi. Mtu analazimika kuikariri namba, akatoka, akaiandika, na tarakimu moja ikikosewa fedha inaenda kwa mgeni. Kwa hiyo chini ya picha, mahali pa maelezo, au kwenye ujumbe unaofuata mara moja, weka maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyabonyeza na kunakili. Yetu yalikuwa na sura hii:

```
MSIBA WA MAMA MKUBWA (jina kamili) - MAZIKO NJOMBE, JUMAMOSI (tarehe, mwaka)
M-Pesa: 07XXXXXXXX
Jina litakalotokea: JINA LA KWANZA LA PILI LA UKOO
Uhakiki (katibu): 07XXXXXXXX
Ukishatuma, andika: jina lako, kiasi, wewe ni mtoto wa nani
```

Mstari wa mwisho usidharauliwe. Fedha nyingi huingia kwa jina la mke, dereva au wakala, na mweka hazina anabaki na 50,000 asiyoijua ni ya nani huku mwenye nayo akilalamika kwamba hajaandikwa.

Slaidi ya tano inaeleza mapokezi: nani anathibitisha mchango na ndani ya muda gani, taarifa itatolewa saa ngapi kila siku, na hesabu ya mwisho itasomwa lini. Ni fupi, na inatosha ikiwa na mistari minne.

Umbo, na wale wasioweza kuliona

Kwa umbo, pikseli 1080 kwa 1350 zinafaa, kwa kuwa picha iliyosimama inajaza skrini ya simu vizuri. Tumia usuli mweupe, herufi nyeusi na rangi moja tu ya kukazia, na tarakimu zitengwe kwa tatu tatu. Wakati wa kutuma kwenye WhatsApp chagua HD, la sivyo picha hubanwa na tarakimu ndogo hupata ukungu, na 3 iliyofifia husomeka kama 8. Kipimo changu ni simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka kidogo, ishikwe na mtu mwenye umri zaidi ya miaka 60, naye asome namba bila kukuza picha. Akishindwa, punguza maneno, kisha ongeza ukubwa wa herufi.

Wapo ambao hawatayaona hayo yote, kwani wajomba na mashangazi wengi wako na simu za kitochi. Kwao andaa ujumbe mfupi usiozidi herufi 160, kwa mfano: "Msiba wa Mama Mkubwa. Maziko Njombe Jmosi. Mchango 50,000 kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. M-Pesa 07XXXXXXXX. Katibu 07XXXXXXXX." Na kwa wazee hasa, ujumbe hautoshi. Mpwa mmoja apewe orodha na awapigie mmoja mmoja, aanze na shikamoo na habari ya msiba, asianze na fedha. Akipigiwa vizuri, mzee wa namna hiyo hutoa mchango wake na akawakumbusha wengine watatu.

Taarifa za kila jioni, na kufunga

Karoseli ya kwanza ikishatoka Jumanne usiku, kinachofuata kila siku ni slaidi moja tu ya taarifa, yenye umbo lile lile, inayotolewa saa 2 usiku (20:00). Iwe na mafungu mawili yasiyochanganywa kamwe: fedha iliyopokelewa, na ahadi. Katika msiba mmoja niliwahi kujumlisha vyote pamoja nikatangaza kwamba tumefikia lengo. Kesho yake karibu theluthi ya fedha ile haikuwapo, waliokuwa wanataka kuongeza walikuwa wameshatulia, na tulikaa nje ya mochwari mpaka jioni tukikopa kwa marafiki. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo ahadi sijaijumlisha na fedha hata mara moja.

Taarifa ya Jumatano katika mfano wetu ilisema: watoto wa marehemu 1,500,000, wadogo zake watatu 600,000, watoto wa ndugu saba 350,000, jumla iliyopokelewa 2,450,000. Ahadi 600,000. Kinachohitajika kabla ya kesho saa 6 mchana ili magari yalipwe na mwili utoke: 320,000. Tarakimu hiyo ndogo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu mtu mwenye 50,000 yake anapoona inahitajika 320,000, anajua nafasi yake ndani yake, jambo ambalo halioni anapotazama milioni sita.

Majina ya waliotoa yaandikwe, pamoja na kiasi, kwa wale wenye viwango, kwa kuwa hilo ndilo daftari la ukoo na kila mtu anataka kujiona humo. Wa hiari aulizwe kama anapenda kiasi chake kitajwe. Orodha ya wasiotoa isitengenezwe kabisa kwa ajili ya kundi. Yule ambaye hajatoa anapigiwa simu na mtu wa nyumba yake, mara moja, kabla ya tarehe ya mwisho, na baada ya maziko haulizwi tena kwa jina mbele za watu. Na kwenye kurasa zilizo wazi kwa kila mtu, kama Instagram au Facebook, weka slaidi ya kwanza peke yake; namba za simu na viwango vya undugu vibaki kwenye makundi ya familia.

Hesabu ya mwisho hutolewa siku ya kuanua matanga kwa waliopo, na siku hiyo hiyo kama slaidi mbili kwa walio mbali: moja ya mapato, moja ya matumizi, zikifuata mistari ile ile ya bajeti ili mtu aweze kuziweka sambamba. Michango ilifika 4,265,000: madaraja mawili ya juu yalitimia, kati ya wale 28 walilipa kamili 22 na wawili wakatoa 30,000 kila mmoja, wajukuu 11 walilipa, na hiari ikaleta 585,000. Pamoja na 2,200,000 za mwanzo ni 6,465,000. Matumizi yalikuwa 6,410,000, kwa sababu majirani wa kijijini walileta mahindi, maharage na kuni na chakula cha maziko kikashuka hadi 760,000, na dharura ikatumika 150,000 tu, kwa pancha ya Kosta na dawa za bibi aliyezidiwa njiani. Salio la 55,000 lilikabidhiwa kwa mjomba aliyebaki kijijini, kwa ajili ya saruji ya kumalizia pembe za kaburi, na picha ya risiti yake ikatumwa wiki iliyofuata.

Siku hiyo hiyo ilitumwa slaidi moja zaidi, yenye jina la marehemu, tarehe na maneno matatu makubwa: MICHANGO IMEFUNGWA RASMI. Chini yake tuliandika kwamba namba iliyotumika haipokei tena fedha za msiba huu, na kwamba yeyote atakayeona slaidi ya malipo ikisambaa baada ya tarehe hiyo ampigie katibu kabla ya kutuma chochote. Mweka hazina akapiga picha salio la laini, katibu akaweka saini pembeni ya tarakimu ya mwisho kwenye daftari, na daftari likapelekwa kwa baba mdogo, ambako yale ya misiba iliyotangulia yanatunzwa.